Kito Kinashikwa na Nini?

Pete ya rafiki yangu ilianza kwa kunasa nyuzi za kanga. Kila akijifunga, uzi mmoja unabaki kwenye tanzanaiti yake, naye akailaumu kanga. Siku alipoipeleka kwa sonara, fundi aliisogeza sikioni na kuigongagonga kwa kidole. Kikasikika kimlio chembamba: kito kilikuwa kinacheza. Kwenye lenzi ya kukuza mara 10 mambo yakaonekana wazi. Ukucha mmoja kati ya nne ulikuwa umeinuka kidogo, na wa pili ncha yake ilikuwa imelika mpaka ikawa bapa.

Kucha ni vijiti vya dhahabu au fedha vinavyosimama kuzunguka kito. Fundi huchonga kijipengo katika kila kimoja, hukikalisha kito humo, kisha hukunja ncha juu ya ukingo wake. Watu huzipenda kucha kwa sababu zinakiacha kito wazi, mwanga ukaingia kila upande. Lakini uwazi huohuo ndio udhaifu wake. Ncha zinagusa kila kitu: mfuko, taulo, mpini wa sufuria. Zinalika polepole, na kwa kuwa mshiko wote uko kwenye ncha hizo, kito kinaweza kuanguka bila mwenyewe kuhisi lolote. Kucha sita ni salama kuliko nne. Katika nne, mmoja ukivunjika kito hupata njia ya kutokea ubavuni. Katika sita, tano zilizobaki kwa kawaida hukizuia mpaka ufike kwa fundi.

Kwa tanzanaiti kuna hatari ya pili, nayo si ya kupotea. Kito hiki cha Mererani, mkoani Manyara, kina ugumu wa kati ya 6 na 7 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10. Mchanga mwingi una kwatzi yenye ugumu wa 7. Anayesugua sufuria kwa mchanga huku amevaa pete, au hata kufuta vumbi juu ya kito kwa kitambaa kikavu, anakikwaruza. Isitoshe, tanzanaiti ina mwelekeo mmoja inaopasukia kirahisi, kama ukuni unavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake. Pigo moja kwenye ukingo wa sinki linatosha, hata kama kucha zote ni nzima.

Hapo ndipo ukuta mzima unapozishinda kucha. Badala ya vijiti, utepe wa madini hukizunguka kito chote, na mdomo wake hulazwa juu ya ukingo wa kito. Hakuna cha kunasa kanga, na pigo la ubavuni hupokewa na madini kwanza. Ila sehemu ya juu bado iko wazi kwa mikwaruzo. Mwanga wa pembeni hupungua, na kama nyuma kumezibwa, sabuni na mafuta hujikusanya chini ya kito na kukifanya kionekane kimefifia. Kulaza mdomo huo pia kunataka mkono mtulivu, kwani fundi akikandamiza kwa nguvu upande mmoja, tanzanaiti hupasuka mezani kwake.

Mtindo wa tatu ni mfereji. Vito vidogo hupangwa mstari mmoja kati ya kuta mbili, kingo zake zikikaa ndani ya mitaro iliyochongwa kwenye kuta hizo. Pete inakuwa laini juu na haikwami popote. Tatizo ni kwamba vito vinategemeana. Pete ikigongwa na ukuta ukapinda, si kito kimoja kinacholegea, huenda vikawa vitatu. Kuipanua au kuipunguza pete ya namna hiyo ni kazi ngumu, maana mviringo ukibadilika mitaro nayo hubadilika. Almasi na yakuti samawi huvumilia maisha hayo. Tanzanaiti zilizobanana zinaweza kumegana kingo.

Rafiki yangu alitaka kucha zijazwe ncha mpya. Fundi akamweleza kwamba lazima kito kitolewe kwanza, kwa sababu moto wa kulehemu unaweza kukipasua. Basi kama kitatoka, akasema, kwa nini kirudi kwenye kucha, ilhali pete inavaliwa jikoni kila siku? Wakakubaliana ajenge ukuta mwembamba, nyuma uachwe wazi ili uchafu usafishike kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Mashine ya kusafisha kwa mtetemo isiiguse kabisa.

Hereni zake za tanzanaiti hazikubadilishwa. Zinashikwa na kucha nne nne, na hilo linazitosha, kwani masikio hayasugui sufuria.