Jibu Hasi kwa Eneo Lililo Juu ya Mstari

Hasi mbili. Mkufunzi msaidizi alilikuta jibu hilo kwenye karatasi ya kwanza ya asaimenti, akalikuta tena kwenye ya pili, na alipofika katikati ya rundo alikuwa akilijua kabla hajafunua ukurasa. Swali lilikuwa fupi: tafuta eneo lililo chini ya mchoro wa 1/x², kuanzia x = -1 hadi x = 1. Wanafunzi hawa wa mwaka wa kwanza chuo kikuu walikwishaonana na intigresheni kidato cha tano na cha sita, na kila mstari waliouandika ulifuata kanuni waliyoikariri. Hata hivyo jibu lenyewe haliwezekani.

Alipomaliza kusahihisha, aliandika ujumbe wa ukurasa mmoja na kuubandika kwenye ubao wa matangazo. Hakuanza na maksi. Alianza na ombi: "Kabla hamjasoma nilichoandika kwa kalamu nyekundu, chora mchoro wa 1/x². Penseli inatosha, na si lazima uwe mzuri."

Anayeuchora anaona jambo mara moja. Namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe, iwe chanya au hasi, hutoa chanya, kwa hiyo mchoro wote uko juu ya mstari wa chini. Intigresheni, kwa maneno mepesi, ni kujumlisha vipande vyembamba mno mpaka vitoe kitu kizima. Ndiyo maana Leibniz, alipobuni alama yake tarehe 29 Oktoba 1675, alichagua herufi S iliyorefushwa, ∫, akimaanisha "summa", yaani jumla kwa Kilatini. Vipande vyote vikiwa chanya, jumla yake itakuwaje hasi?

Kosa halimo katika hesabu ya mkono. Kanuni ya kuongeza kipeo kwa moja inageuza 1/x² kuwa -1/x. Ukiweka 1 unapata -1. Ukiweka -1 unapata 1. Toa la pili kutoka la kwanza: -1 - 1 = -2. Kila hatua inaonekana sawa, na kwa sababu hiyo kosa hili linawapata hata wanafunzi wazuri. Tatizo limo katikati ya safari, pale x inapokuwa 0. Hapo 1/x² haina thamani, na mchoro unapanda juu bila kikomo pande zote mbili. Kanuni ya kuweka mpaka wa juu, kuweka mpaka wa chini, kisha kutoa, ina sharti: mchoro uwe mzima, usiokatika, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Sharti hilo limo kwenye kila kitabu cha kalkulasi, mstari mmoja juu ya kanuni yenyewe, na macho ya msomaji mwenye haraka hulipita.

Mkufunzi aliwaonyesha namna ya kupima. Acha sifuri, anza karibu nayo. Kutoka 0.1 hadi 1, eneo ni 9. Kutoka 0.01 hadi 1, ni 99. Kutoka 0.001, ni 999. Kadiri unavyosogelea sifuri ndivyo eneo linavyofura, wala halielekei kutua kwenye namba yoyote. Jibu sahihi la swali lile, basi, ni kwamba eneo hilo halina kikomo. Aliyeandika hivyo kwa sentensi moja alipata maksi zote.

Kosa la pili lilihusu kubadilisha herufi, mbinu ambayo wengi huipenda kwa kuwa inafanya swali zito liwe jepesi. Swali lilikuwa ∫ 2x(x² + 1)³ dx, kutoka 0 hadi 2. Mwanafunzi anaita x² + 1 kwa jina jipya, u. Kwa kuwa 2x dx ndiyo du, swali lote linageuka kuwa ∫ u³ du, na jibu lake ni u⁴/4. Mpaka hapo wote walikuwa pamoja.

Njia ilipogawanyika ni kwenye mipaka. Ile 0 na 2 ilikuwa mipaka ya x, si ya u. x ikiwa 0, u ni 1; x ikiwa 2, u ni 5. Kwa hiyo hesabu ni (625 - 1)/4, sawa na 156. Aliyesahau akaweka 0 na 2 moja kwa moja ndani ya u⁴/4 alipata 16/4, yaani 4. Ni sawa na mtu aliyebadilisha shilingi za Tanzania kuwa za Kenya, kisha akaendelea kusoma bei za Dar es Salaam kana kwamba pesa mkononi ni zilezile.

Je, mtu anaweza kujua kuwa 4 ni kosa bila kuangalia majibu nyuma ya kitabu? Anaweza, na huu ndio ustadi ambao mkufunzi alitaka darasa liondoke nao. Weka x = 1 katika fomula ya mwanzo: 2 × 2³, unapata 16. Weka x = 2: 4 × 5³, unapata 500. Kati ya 1 na 2 mchoro haushuki chini ya 16 hata mara moja, na upana wa kipande hicho ni 1. Kipande hicho peke yake kina eneo linalozidi 16. Eneo zima haliwezi kuwa 4.

Pale ambapo swali halina mipaka, kipimo ni kingine: rudi ulikotoka. Wengi waliandika kwamba ∫ (3x + 1)⁵ dx ni (3x + 1)⁶/6. Lidifarenshieti jibu hilo, utapata 3(3x + 1)⁵, mara tatu ya ulichopewa. Ile 3 iliyo ndani ya mabano ilisahaulika, na (3x + 1)⁶ ilipaswa kugawanywa kwa 18. Kurudi huku kunachukua nusu dakika, na hakuna kosa la aina hii linaloweza kujificha mbele yake.

Ilibaki ile C ya mwisho, ambayo wanafunzi huiona kama mapambo ya kumridhisha msahihishaji. Wawili walimfuata mkufunzi wakibishana juu ya ∫ 2 sin x cos x dx. Mmoja alikuwa na sin²x, mwenzake -cos²x, na kila mmoja aliamini mwenzake amekosea. Wote wawili walikuwa sahihi isipokuwa kwa jambo moja: hakuna aliyeandika C. Majibu yao yanatofautiana kwa 1 kila mahali, kwa kuwa sin²x + cos²x ni 1, na C ndiyo inayobeba tofauti hiyo. Anayesoma kipimo cha mwendo cha daladala tangu ilipoondoka anaweza kukokotoa imekwenda kilomita ngapi, lakini hawezi kujua iko kituo gani mpaka aambiwe ilianzia Kimara au Ubungo. C ni kituo cha kuanzia.

Mwisho wa ujumbe mkufunzi aliomba lile swali la kwanza lifanywe upya na kila mmoja, pamoja na waliolipata, na akaweka sharti moja: karatasi isiyo na mchoro hatapokea.