Dakika 28 za Wageni Wanne

Mgeni wa kwanza alipokea kipaza sauti, akamsalimu mgeni rasmi, akawasalimu viongozi wa kijiji, wazee na waandishi wa habari, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akashukuru kwa kualikwa. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Hadi wa nne anamaliza shukrani zake, dakika 5 zilikuwa zimekwenda na hakuna aliyegusa mada. Huo ulikuwa mjadala wangu wa kwanza wa kurekodiwa kwa video. Mkononi nilikuwa na karatasi yenye maswali 14, na siku ile nikafanikiwa kuuliza manne.

Wengi wanaopewa kazi ya kuongoza mjadala huanza maandalizi kwa kuandika maswali. Mimi siku hizi naanza na saa. Tuchukue mjadala mmoja tuufuate mpaka mwisho: video ya dakika 40 kuhusu kilimo cha mwani Unguja. Wageni ni wanne: mama anayelima mwani pwani ya mashariki, mnunuzi, mtafiti wa bahari, na ofisa wa serikali anayesimamia zao hilo. Dakika 40 zinasikika nyingi. Toa 2 za ufunguzi na 4 za kufunga, zimebaki 34. Mwongozaji naye anakula muda anapouliza, anapounganisha hoja na anapomhamishia mtu mwingine zamu. Mtengee dakika 6. Wageni wamebakiwa na 28, yaani 7 kila mmoja.

Sasa angalia kinachotokea ukimtupia kila mgeni kila swali. Wanne kwa dakika 2 ni dakika 8 kwa swali moja. Maswali matatu yanamaliza 24, na la nne halina nafasi. Idadi ya wageni ndiyo inayobana zaidi. Tarehe 11 Februari 2013, Kenya ilipofanya mdahalo wake wa kwanza wa wagombea urais kwenye televisheni, awali walitarajiwa wagombea 6, lakini wawili walioachwa wakadai nao nafasi na jukwaani wakasimama 8. Kwa hesabu yetu ya dakika 2 kwa mtu, swali la dakika 12 linageuka la dakika 16 hata kabla ya mtu kumjibu mwenzake. Ndiyo sababu mratibu akinipigia simu jioni ya kuamkia siku ya kurekodi kusema ameongeza mgeni wa tano, namuuliza tufute mada ipi.

Kwa mjadala wa mwani nagawa zile dakika 28 hivi. Mzunguko wa kwanza, kila mgeni dakika moja na nusu: jumla 6. Halafu mada tatu za dakika 6 kila moja. Katika kila mada mtu mmoja anaulizwa na kupewa dakika 2, mwingine aliyepangwa anamjibu kwa dakika 2, na 2 zilizobaki ni za kujibizana. Zinabaki dakika 4 ambazo sizipangii kitu. Hizo ni akiba, kwa sababu daima kuna pahali mazungumzo yatakolea na itakuwa dhambi kuyakatiza.

Karatasi yenyewe ina safu mbili. Kushoto naandika saa: 00:00, 02:00, 08:00, na kuendelea. Kulia naandika maneno. Hati iwe kubwa kiasi cha kusomeka kwa kutupa jicho, upande mmoja tu wa karatasi, kila ukurasa una namba, maana kurasa huanguka.

Ufunguzi nauandika neno kwa neno, kwa kuwa hapo ndipo ulimi huteleza. Unaanza na jambo lenyewe: “Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wanaoulima ni wanawake. Leo aina yenye bei nzuri, kotonii, inakufa kwenye maji ya kina kifupi ambako zamani ilistawi. Tumekuja kuuliza mkulima afanye nini.” Hiyo ni chini ya nusu dakika. Kisha nawatambulisha wageni, sekunde 15 kila mmoja, kwa kazi wanayoifanya kuhusu mwani. Orodha ya shahada na vyeo inaweza kuandikwa chini ya picha. Namalizia na sentensi iliyoniokoa mara nyingi: “Kwa niaba ya wageni wetu wote nawasalimu viongozi na watazamaji, itifaki imezingatiwa, hivyo kila mmoja ataingia moja kwa moja kwenye hoja.” Salamu zimetolewa kwa heshima yake, mara moja, na hakuna anayejiona mkosefu wa adabu akianza na jibu.

Maswali yana kanuni yake kwenye video. Jina la mgeni litangulie swali. Ukisema “Mama, naanza na wewe,” mama anajua ni zamu yake na anasikiliza, na mpiga picha anapata muda wa kumgeuzia kamera. Ukimtaja mwishoni, sekunde tatu za mwanzo za jibu zitamwonyesha mtu mwingine akikuna kidevu. Tena swali liwe moja. “Bei ikoje, na serikali inasaidiaje, na mabadiliko ya tabianchi je?” ni maswali matatu, na mgeni atajibu lile analolipenda.

Linganisha maswali haya mawili kwa mnunuzi. La kwanza: “Unasemaje kuhusu malalamiko ya bei?” Atajibu kwamba bei inapangwa na soko la dunia, na ni kweli kwa sehemu, lakini mtazamaji hajajifunza kitu. La pili: “Kilo moja ya mwani mkavu mliinunua shilingi ngapi mwezi uliopita, na gharama ipi inafuata baada ya kuiondoa kijijini?” Hapo lazima itoke namba, na mama mkulima, aliyepangwa kujibu, ana kitu cha kushika. Kwa kila swali kuu naandika chini yake swali moja la kufuatilia, la kutumia jibu likielea. Kwa mtafiti, swali kuu ni kwa nini kotonii inakufa. Akisema “ni joto la bahari,” la kufuatilia ni: “Mkulima akiingia bamvua lijalo, ataona dalili gani kwenye mmea kabla haujaoza?”

Mpangilio wa mada nao unahitaji akili. Naanza na mkulima, hata kama ofisa ana cheo kikubwa. Akieleza kwamba mwani unafungwa kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi, unakaa majini wiki kama sita, na kwamba kuupeleka kwenye kina kirefu kunahitaji chombo na kujua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa, basi kila atakayefuata anajibu maisha halisi. Ukianza na ofisa, dakika 6 za kwanza zitakuwa mipango na mikakati, na mama atalazimika kuanza kwa kupinga, jambo gumu mbele ya kamera.

Kuna dalili moja ninayoisikiliza kwa makini: “Kama alivyosema mwenzangu aliyetangulia.” Nikiisikia mara moja, sawa. Nikiisikia mara mbili katika mada moja, mada hiyo imekauka, na naruka kwenda inayofuata hata kama saa inaniruhusu kubaki.

Sasa lile lililo gumu kuliko yote: kumkatiza mtu. Kwetu kumkata mzee maneno ni utovu wa adabu, na kumkata kiongozi kunaweza kukuletea lawama. Kwa hiyo makubaliano yafanyike kabla ya taa kuwashwa. Nawaonyesha wageni mtu aliyeketi kando ya kamera kuu, mwenye saa na kadi mbili: ya njano maana yake zimebaki sekunde 30, nyekundu maana yake maliza sentensi. Nawaomba wanikubalie mmoja mmoja kwa mdomo. Mzee aliyekubali nusu saa iliyopita hatajiona ameaibishwa.

Hata hivyo kadi zitapuuzwa, na lazima maneno ya kukatiza yawe yameandikwa. Siandiki “muda wako umekwisha”, maana humwacha mtu ananing’inia. Nasubiri avute pumzi, nashika neno lake la mwisho, nalipeleka kwa mwingine: “Mheshimiwa, hapo kwenye mikopo ya boti naomba nikusimamishe, Mama amwambie mtazamaji kama imemfikia, kisha nitarudi kwako.” Hoja yake imepata heshima na mazungumzo yamesonga. Na ukiahidi kurudi, rudi. Naweka alama ya duara pembeni ya jina kila ninapoahidi, na duara lisilofutwa hadi mwisho ni deni.

Wapo wanaosema mhariri atakata baadaye. Anaweza kukata dakika 6 za mtu mmoja zikawa 2, lakini hawezi kuyaweka maneno ambayo mama hakupata nafasi ya kuyasema. Kwa sababu hiyo mwenye kadi anaandika pia dakika za kila mgeni, na video ikifika nusu ananipa karatasi. Nikiona ofisa ametumia 6 na mtafiti 2, ile akiba yangu najua pa kuipeleka.

Kufunga ndiyo sehemu pekee ambayo siiandiki. Kwenye ukurasa wa mwisho naacha nafasi tatu tupu: walichokubaliana, walichotofautiana, na aliyeahidi kitu, kitu gani na lini. Najaza kadiri wanavyosema, kwa maneno yao wenyewe. Muhtasari ulioandikwa nyumbani hujulikana mara moja, kwani hautaji lolote lililosemwa siku hiyo.

Tena muhtasari nauweka kabla ya maneno ya mwisho ya wageni, ingawa wengi huuweka baada yake. Dakika moja na nusu nasoma nilichoandika, halafu kila mgeni anapata sekunde 30. Katika mjadala wetu naweza kusema: “Nimesikia mnakubaliana kwamba kotonii haifai tena kwenye maji mafupi, na suluhisho ni kwenda kwenye kina kirefu.” Mama akipokea sekunde zake anaweza kunisahihisha: yeye hakukubali kwenda kwenye kina kirefu, alisema ataendelea na spinosamu, yenye bei ndogo, mpaka apate chombo na wa kumfundisha kuogelea. Kama ningesoma muhtasari ule baada yake, uongo wangu ungekuwa ndio neno la mwisho la video, na yeye asingekuwa na pa kuusahihishia.

Nusu dakika iliyobaki ni ya shukrani, kwa majina. Baada ya hapo kila mtu anakaa palepale kimya kwa sekunde 10, kamera zikiendelea, mhariri apate picha ya kupitishia majina. Hilo nalo nimeliandika kwenye karatasi, mstari wa mwisho kabisa, kwa sababu usipowaambia mapema, mtu atainuka na kipaza sauti kikiwa bado kimebanwa kwenye kanzu.