Dakika Tisa za Mashine: Barua ya Onyo kwa Anayechelewa Kazini

Barua nyingi za onyo kwa wafanyakazi wachelewaji zina sentensi moja inayojirudia: "Umekuwa ukichelewa kazini mara kwa mara bila sababu za msingi." Mwajiri huiona nzito, lakini mbele ya msuluhishi haina uzito wowote, kwa sababu haisemi ni siku gani, mfanyakazi alitakiwa kufika saa ngapi, wala alifika saa ngapi. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba kuachisha kazi kulikuwa halali. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinaongeza kwamba kosa la kwanza halitoshi kumfukuza mtu isipokuwa liwe zito sana. Kuchelewa kwa dakika ishirini si kosa zito la namna hiyo. Kunageuka tatizo kubwa kwa kujirudia tu, na barua ya onyo ndiyo inayohifadhi kumbukumbu ya huko kujirudia. Barua isiyotaja saa haina ilichokihifadhi.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayofahamika mkoani Singida: kiwanda kidogo cha kukamua alizeti katika kata ya Unyambwa, Manispaa ya Singida, chenye wafanyakazi kumi na wawili na mashine ya alama za vidole mlangoni. Mkataba unasema kazi inaanza saa 1:30 asubuhi, na kanuni za kiwanda zinavumilia dakika 10. Katika wiki tatu za Juni 2025, mashine inaonyesha kwamba mfanyakazi mmoja alichelewa mara tano: Jumatatu tarehe 2 aliingia 07:52, Jumatano tarehe 4 saa 07:41, Jumatatu tarehe 9 saa 08:05, Alhamisi tarehe 12 saa 07:44, na Jumatatu tarehe 16 saa 08:10. Ukijumlisha, ni dakika 122. Msimamizi anataka barua itoke siku hiyohiyo, na kwa mtazamo wa haraka ana haki.

Sasa simama mbele ya mashine ile na simu iliyopata saa kutoka kwenye mtandao. Simu inasema 10:14, mashine inasema 10:23. Mashine iko mbele kwa dakika 9. Si ajabu: betri ndogo ya ndani ikichoka, umeme ukikatika saa hupotea, na anayeirudisha huiweka kwa kukisia. Ikiwa umeme haukukatika wala hakuna aliyeigusa saa hiyo ndani ya wiki zile tatu, tofauti ileile inafaa kutolewa kwenye kila tarehe. Dakika 22 za tarehe 2 zinabaki 13, dakika 11 za tarehe 4 zinakuwa 2, dakika 35 za tarehe 9 zinabaki 26, dakika 14 za tarehe 12 zinakuwa 5, na dakika 40 za tarehe 16 zinabaki 31. Tarehe 4 na tarehe 12 zinaingia ndani ya zile dakika 10 zinazovumiliwa, kwa hiyo si makosa tena. Yaliyobaki ni matatu, jumla dakika 70, na yote matatu ni ya Jumatatu.

Angalia kilichotokea. Mwajiri amepoteza makosa mawili, lakini amepata jambo la maana zaidi: sasa anajua la kuuliza. Mtu anayechelewa siku yoyote ile ana tatizo tofauti na anayechelewa Jumatatu tu. Huenda Jumapili analala kijijini kwao na usafiri wa alfajiri ni wa shida, huenda siku hiyo ndiye anayempeleka mgonjwa kliniki. Aulizwe kabla barua haijaandikwa, na jibu lake liingie ndani ya barua hata kama mwajiri hakulikubali. Onyo lililoandikwa bila kumsikiliza mtu huvunjwa kirahisi na maelezo ambayo hakupewa nafasi ya kuyatoa.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu sisi watumiaji wa Kiswahili. Mkataba unasema saa 1:30, mashine inaandika 07:30. Karani akinakili kutoka kwenye mashine bila kufikiri, barua itasoma "ulifika saa 8:05", na kwa kila msomaji wa Kiswahili hiyo ni mchana, baada ya chakula. Barua inayogombanisha saa zake yenyewe inamfanya msomaji atilie shaka hata yaliyo sahihi. Dawa ni kuandika zote mbili kwenye mstari mmoja, hivi: "Jumatatu, 9 Juni 2025: ulitakiwa kufika saa 1:30 asubuhi (07:30), mashine iliandika 08:05, baada ya kuondoa dakika 9 ambazo mashine ilikuwa mbele, ulifika saa 1:56 asubuhi (07:56), umechelewa dakika 26." Mistari mitatu ya namna hii inatosha. Kifuatie kifungu cha mkataba kinachotaja saa za kazi, maelezo ya mfanyakazi, kinachotakiwa kubadilika, muda ambao onyo litabaki hai, mathalani miezi 6, na kitakachofuata kosa likirudiwa.

Wapo watakaosema huu ni urasimu, kwamba kiwanda cha watu kumi na wawili hakina afisa utumishi, na kila mtu pale anajua nani mchelewaji. Hoja ya gharama ni ya kweli, lakini kazi yenyewe ni ya nusu saa. Na "kila mtu anajua" ndiyo hoja inayoanguka kwanza, kwa sababu kanuni zilezile za mwaka 2007 zinataka adhabu itolewe kwa usawa. Karatasi ya mashine ina majina ya wote. Ikiwa Jumatatu zile tatu wengine wanne waliingia saa 2 kasoro na hawakuulizwa, karatasi uliyoileta kama ushahidi wako itakuwa ushahidi wa mwenzako. Isome yote kabla ya kunyoosha kidole.

Wengine hupendekeza njia fupi zaidi: kumkata mchelewaji shilingi elfu tano kila mara, yaishe. Kifungu cha 28 cha Sheria ileile hakiruhusu mwajiri kukata mshahara kwa uamuzi wake tu. Makato lazima yawe na msingi katika sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au maandishi ya mfanyakazi mwenyewe kuhusu deni. Faini ya mlangoni haina msingi huo. Inamgeuza mwajiri mwenye malalamiko ya haki kuwa mlalamikiwa.

Pingamizi la mwisho hutoka kwa wafanyakazi: kuhesabiwa dakika ni kudhalilishwa. Nalichukulia kwa uzito, maana kuna wasimamizi wanaozitumia dakika kama fimbo. Lakini katika mfano wetu ni dakika zilizohesabiwa vizuri ndizo zilizomwondolea mfanyakazi makosa mawili. Maneno "mara kwa mara" yasingemwondolea hata moja. Ndiyo maana anayepokea barua ana haki ya kuomba nakala ya kumbukumbu za mashine, na asiogope kusaini pale palipoandikwa "nimepokea": sahihi hiyo ni ya kupokea, si ya kukiri kosa. Akikataa, barua isomwe mbele ya shahidi, naye shahidi asaini kwamba imesomwa.

Kwa mwajiri wa Unyambwa au kwingineko aliye na barua mezani inayosubiri muhuri: iache kwanza. Nenda mlangoni na simu yako, linganisha saa, andika tofauti utakayoiona pamoja na tarehe, na mtu wa pili asaini pembeni yako. Kisha rudi uandike barua.