Mara Nne kwa Usiku: Hesabu ya Mkojo wa Mzee

Baba yangu mdogo ana miaka 68. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa akiamka mara nne kila usiku kwenda haja ndogo, na hakumwambia mtu. Tulikuja kujua siku alipojikwaa kwenye kizingiti cha choo cha uani, saa tisa za usiku, akaumia bega. Tulipomuuliza alijibu kama wanavyojibu wazee wengi: "Ni tezi dume tu. Umri umekwenda."

Watu wengi husema fulani "ana tezi dume" kama vile wangesema ana malaria. Tezi dume si ugonjwa. Ni kiungo anachozaliwa nacho kila mwanamume, kimekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo pale unapoanzia, kama pete ilivyovaa kidole. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya manii. Kwa kijana ukubwa wake ni kama wa ndimu ndogo, lakini kuanzia miaka ya 40 huanza kuvimba polepole, na karibu nusu ya wanaume hukutwa na uvimbe huo wakiwa kati ya miaka 50 na 60. Kwa walio wengi uvimbe huo si saratani. Tatizo lake ni kwamba pete inakaza.

Pete ikikaza, anayeteseka kwanza ni kibofu. Kibofu ni mfuko wa msuli, na msuli unaosukuma kitu kizito kila siku hunenepa. Kuta zake zinakuwa nene na zenye hasira, hivyo unaanza kujibana kabla haujajaa. Ndiyo maana mzee anabanwa ghafla, anakimbia, kisha akifika chooni anatoa mkojo kidogo tu. Miaka ikizidi, msuli huo huo huchoka. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, unakatikakatika, na akimaliza bado anahisi haujaisha. Hisia hiyo mara nyingi ni ya kweli: mwingine unakuwa umebaki ndani.

Hadi hapo baba mdogo alikuwa na haki ya kuilaumu tezi. Ila daktari aliyemwona hakuandika dawa siku ile ya kwanza. Alimpima mkojo na sukari, akaipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, jambo ambalo wanaume wengi hulikimbia ingawa halimalizi dakika moja, kisha akamtuma nyumbani na kazi. "Mzee wangu, tafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita. Kwa siku tatu, kila ukienda haja ndogo, kojoa humo, andika saa na kiasi." Baba mdogo aliona aibu, lakini aliandika.

Karatasi yake ya siku ya pili ninaikumbuka vizuri. Alilala saa nne usiku. Saa sita alitoa mililita 170, saa nane 150, saa tisa na nusu 160, saa kumi na moja 140, na alipoamka kabisa asubuhi 180. Mkojo wa asubuhi nao huhesabiwa wa usiku, kwa kuwa figo ziliutengeneza akiwa amelala. Jumla ya usiku ikawa mililita 800. Mchana kutwa alikuwa ametoa 1,000.

Karatasi hiyo ilisema mambo mawili. La kwanza, kila safari alitoa takriban mililita 160, wakati kibofu cha mtu mzima huweza kubeba 300 hadi 500. Altrasaundi iliyofanyika mara tu baada ya kukojoa ilionyesha sababu: mililita 140 zilikuwa zimebaki. Kibofu chake kilibeba 300, lakini karibu nusu ilikuwa imeshakaliwa na mkojo wa zamani. Hapo tezi na kibofu walikuwa na hatia pamoja.

La pili ndilo lililotushangaza. Kati ya mililita 1,800 za siku nzima, 800 zilitengenezwa usiku, yaani asilimia 44. Kwa mzee, ikizidi theluthi moja, figo zinatoa mkojo mwingi mno usiku, na hilo tezi dume haihusiki nalo. Ujanani ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zizuie maji usiku, na uzeeni amri hiyo hulegea. Lakini baba mdogo alikuwa na sababu nyingine iliyokuwa wazi kwa yeyote ambaye angemtazama miguu jioni: soksi zilimwachia alama. Alikuwa akimeza amlodipini kwa ajili ya presha, dawa nzuri ambayo huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu. Maji yanayokusanyika miguuni mchana hurudi kwenye damu mtu anapojinyoosha kitandani, na figo huyachuja usiku ule ule.

Sasa tufanye hesabu. Mililita 800 ukigawa kwa 160 unapata safari tano. Toa ile ya asubuhi, zinabaki nne za usiku. Tezi ikilegezwa na mkojo unaobaki ukapungua hadi 40, kibofu kitatoa 260 kila mara, na safari za usiku zitakuwa mbili. Mkojo wa usiku nao ukishuka hadi 520, itabaki moja. Ukitibu upande mmoja tu, umemtibu mzee nusu. Hii ndiyo sababu wapo wanaofanyiwa upasuaji wa tezi, mkojo ukaanza kutoka kwa nguvu, na bado wakaendelea kuamka usiku.

Daktari alimpa tamsulosini, ambayo hulegeza misuli ya tezi na mlango wa kibofu ndani ya siku au wiki chache. Alimwonya akae kwanza kitandani kabla ya kusimama, maana inaweza kuleta kizunguzungu. Wenye tezi kubwa huongezewa finasteridi inayoipunguza, lakini hiyo inataka kama miezi sita. Dawa ya presha ilibadilishwa na daktari mwenyewe. Mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake. Alasiri baba mdogo alilala saa nzima akiwa ameinua miguu juu ya mito, ili maji yatoke kabla ya usiku. Chumvi ilipungua, na chai ya saa tatu usiku ikahamia saa kumi na mbili. Miezi miwili baadaye alikuwa akiamka mara moja, mara mbili usiku mbaya.

Jagi haligundui kila kitu. Jumla ya siku ikizidi sana, kama lita tatu na zaidi, kisukari kipimwe upya. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini naye huweza kutoa mkojo mwingi usiku. Damu kwenye mkojo, hata mara moja na bila maumivu, haitokani na uzee. Kwetu huenda ni kichocho, huenda ni saratani, na inataka vipimo, si chupa ya dawa ya tezi inayouzwa stendi. Homa, au maumivu ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee mwenye tezi iliyovimba ajihadhari pia na vidonge vya mafua vya dukani, kwani baadhi yake hukaza mlango wa kibofu au kulegeza msuli wake hadi mkojo ukagoma kabisa. Ukigoma na tumbo la chini likajaa na kuuma, mpelekeni hospitali akawekewe mpira wa mkojo. Msisubiri kuche.