Rekodi za Enzi ya Meiji: Dola Iliyonunua Panga za Samurai

Meli za Komodoro Perry wa Marekani zilipotokea mlangoni mwa Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1853, Japani ilikuwa imejifungia kwa zaidi ya miaka 200. Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara walikuwa Waholanzi, nao walibanwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Mwaka 1868 utawala wa shoguni uliangushwa, na watu wapya wakashika madaraka kwa jina la mfalme kijana, Meiji. Watu hao husifiwa zaidi kwa manowari na viwanda. Kwa maoni yangu, rekodi zao kubwa zaidi ziliwekwa hazina.

Siku nzito kuliko zote: 29 Agosti 1871

Siku hiyo makabaila waliitwa mbele ya mfalme na kutangaziwa kwamba himaya zao zimefutwa. Zilikuwa 261, kila moja na askari wake, kodi zake na hata noti zake. Zikageuzwa mikoa, na kabla ya mwaka kwisha mikoa ikaunganishwa na kubaki 75. Serikali ilikuwa imekusanya Tokyo askari wapatao 10,000 kwa tahadhari, lakini hakuna aliyepigana. Sababu moja ni kwamba makabaila wengi walikuwa wamezama katika madeni, na serikali iliyabeba. Wao wenyewe walihakikishiwa kipato kinono.

Mzigo mkubwa kuliko yote: posho

Pamoja na madeni hayo, serikali ilirithi samurai wote. Hao walikuwa wakilipwa posho ya kurithiwa, baba hadi mwana, na posho hizo zilikula karibu theluthi moja ya mapato ya serikali. Tena kazi yao ilikuwa imekwisha: amri ya Januari 1873, iliyoandaliwa na Yamagata Aritomo, ilifanya jeshi kuwa wajibu wa vijana wa tabaka zote, wakiwemo watoto wa wakulima.

Agosti 1876 posho zilifutwa kwa lazima na kila aliyekuwa akizipokea, kabaila au samurai, akapewa hati fungani. Hesabu yake inafaa kufuatwa kwa makini. Kabaila mkubwa kabisa alipewa hati yenye thamani ya posho ya miaka 5, kwa riba ya asilimia 5. Kwa hiyo kila mwaka alipata robo ya kipato chake cha zamani. Mwenye posho ndogo kabisa alipewa ya miaka 14 kwa asilimia 7, yaani asilimia 98 ya alichozoea. Kwenye karatasi, mnyonge ndiye aliyelindwa. Lakini asilimia 98 ya kipato kisichotosha bado haitoshi, na wengi waliuza hati zao wapate chakula. Jumla ya hati zote ilifika yeni milioni 174 hivi.

Vita vya mwisho, na vya gharama kubwa kuliko vyote vya ndani

Mwezi Machi mwaka huohuo samurai walikuwa wamekatazwa kubeba panga hadharani. Februari 1877 samurai wa himaya ya zamani ya Satsuma waliasi chini ya Saigo Takamori, ambaye mwenyewe alikuwa serikalini himaya zilipofutwa. Walikwama Kumamoto, ambako kikosi cha watu wasiofika 4,000, wengi wao vijana walioandikishwa kwa lazima, kilishikilia ngome kwa wiki saba mpaka msaada ulipowasili. Saigo alikufa Septemba.

Vita hivyo viligharimu yeni milioni 42 hivi, karibu mapato ya serikali ya mwaka mzima. Milioni 27 zilipatikana kwa kuchapa noti. Milioni 15 zilikopwa Benki ya Kitaifa ya Kumi na Tano, iliyoanzishwa mwaka huohuo na makabaila wa zamani kwa hati fungani zao. Kwa hiyo fidia ya mabwana wa zamani ndiyo iliyosaidia kuwashinda waliokuwa watumishi wao.

Noti hizo ndizo zilizowaumiza samurai wadogo kuliko risasi. Kufikia 1880 bei ya mchele Tokyo ilikuwa imepanda karibu mara mbili, huku riba ya hati ikibaki palepale. Ile asilimia 98 ikawa kama nusu. Mkulima, aliyelipa kodi ya ardhi kwa fedha taslimu isiyobadilika, alipata nafuu kwa miaka michache, hadi Waziri wa Fedha Matsukata Masayoshi alipoanza kuziondoa noti sokoni mwaka 1881 na bei ya mazao ikaporomoka.

Reli ndefu kuliko zote za Japani wakati wake

Reli ya kwanza ya serikali, Tokyo hadi Yokohama, ilifunguliwa mwaka 1872 ikiwa na kilomita 29 tu. Mwaka 1881 iliundwa kampuni binafsi, Nippon Tetsudo, na benki ileile ya makabaila ikawa nguzo ya mtaji wake, huku serikali ikiwadhamini wanahisa faida ya asilimia 8. Mwaka 1891 njia yake ilifika Aomori, ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu, zaidi ya kilomita 700 kutoka Tokyo. Serikali iliinunua mwaka 1906, na wenye hisa wakalipwa kwa hati fungani.