Je, Wajua? Kati ya bar 1 na bar 9, katikati ni 3

Je, wajua kwamba kompresa ya gereji yenye silinda kubwa na silinda ndogo haivuti hewa ya nje kwa silinda zote mbili? Ni ile kubwa peke yake inayovuta. Hewa ikitoka humo hupita kwenye bomba lenye mapezi, linalopulizwa upepo na gurudumu la mkanda, ndipo inaingia silinda ndogo, na ile ndogo ndiyo inayoisukuma tangini. Hiyo ni kompresa ya hatua mbili, na lile bomba lenye mapezi ni kipozeo cha kati. Ukikuta vichwa viwili vya ukubwa mmoja, usidanganyike: mara nyingi hiyo ni hatua moja iliyogawanywa pande mbili.

Je, wajua hewa hupata joto kiasi gani ikigandamizwa kwa mkupuo mmoja? Chukua hewa ya nyuzi 27 za Selsiasi, yenye presha ya bar 1, uipeleke hadi bar 9. (Hapa nahesabu presha kamili. Geji ya tangi huanzia sifuri kwenye hewa ya kawaida, kwa hiyo yenyewe itasoma 8.) Kama hakuna joto linalopotea njiani, hewa hiyo itatoka ikiwa na nyuzi 289. Kwenye joto la namna hiyo oili ya kompresa huungua na kuacha masizi magumu juu ya vali ya kutolea. Vali yenye masizi haifungi sawasawa, hewa moto inarudi ndani na kugandamizwa tena, na joto linazidi kupanda. Kompresa zimewahi kushika moto kwa mtindo huo.

Je, wajua kwamba joto hilo ni umeme uliolipia bure? Kugandamiza kilo moja ya hewa kwa mkupuo mmoja kutoka bar 1 hadi 9 kunataka kilojuli 263. Lau ungeweza kuipoza hewa muda wote wa kugandamiza, isizidi nyuzi 27 hata kidogo, zingetosha kilojuli 189. Tofauti ya 74 haimfaidii mtu, kwa sababu hewa ikifika tangini hupoa yenyewe na joto lote huishia ukutani. Sababu ya hasara ni kwamba hewa moto hutanuka, na pistoni inalazimika kusukuma ujazo mkubwa zaidi kwa presha ileile.

Kuipoza hewa muda wote haiwezekani, maana pistoni inakwenda mbio na hewa haipati nafasi ya kutoa joto. Kinachowezekana ni kusimama njiani. Igandamize kidogo, itoe nje, ipoze mpaka irudi nyuzi 27, halafu uendelee. Ukisimama mara moja tu, kwenye bar 3, kila hatua inaishia nyuzi 138 na kazi yote inashuka hadi kilojuli 222. Umeokoa karibu asilimia 16. Ukisimama mara mbili, yaani hatua tatu, unafika 210 na ushee. Faida inazidi kupungua kadiri unavyoongeza hatua, huku silinda, vali na vipozeo vya kununua vikiongezeka. Ndiyo maana kompresa za gereji huishia mbili.

Je, wajua kwa nini kituo ni bar 3 na si bar 5? Ukiuliza katikati ya 1 na 9 ni ngapi, wengi watasema 5. Lakini kazi ya pistoni haijali umeongeza bar ngapi. Inajali umezidisha presha mara ngapi, na hewa ilikuwa na joto gani ilipoingia. Kutoka 1 hadi 3 ni mara tatu, na kutoka 3 hadi 9 ni mara tatu vilevile. Hatua hizo mbili, zikianza na joto moja, zinakula kazi sawa kabisa, ingawa ya pili inaongeza bar 6 na ya kwanza inaongeza 2 tu. Ukisimama kwenye 5, hatua ya kwanza inazidisha mara tano na ya pili mara 1.8, na jumla inapanda hadi kilojuli 231. Kanuni inasema: zidisha presha ya mwanzo kwa presha ya mwisho, kisha tafuta kipeuo cha pili.

```
p_kati = √(p_mwanzo × p_mwisho) = √(1 × 9) = 3
```

Je, wajua kwamba kanuni hiyo inaweza kuthibitishwa bila kalkulasi? Vitabu vya uhandisi hujaza nusu ukurasa, lakini kuna njia fupi. Kuongeza presha ya hewa kwa asilimia moja hugharimu kazi inayolingana na joto la hewa wakati huohuo, joto likihesabiwa kwa Kelvini. Hewa ikiwa baridi, asilimia hiyo ni rahisi. Ikiwa moto, ni ghali. Sasa tuseme fundi mmoja amesimama mapema, kwenye bar 2. Hatua ya kwanza inazidisha mara mbili na inaishia Kelvini 366. Ya pili inazidisha mara nne na nusu na inaishia Kelvini 461. Asilimia moja ya mwisho kwenye hatua ya pili inamgharimu kilojuli 1.32 kwa kila kilo. Aiondoe huko, aiongeze mwishoni mwa hatua ya kwanza, na hapo atailipia kilojuli 1.05. Presha ya tangini haijabadilika, lakini kazi imepungua.

Ahamishe nyingine, na nyingine tena. Kila akihamisha, mwisho wa hatua ya kwanza unapata joto na mwisho wa hatua ya pili unapoa. Biashara hiyo ina faida mpaka joto la mwisho liwe sawa pande zote mbili. Hapo hakuna tena pa bei nafuu pa kuhamia. Na kama hatua zote zilianza na joto moja na zinaishia na joto moja, lazima zimezidisha presha mara zilezile. Hoja hiyo haibadiliki hata zikiwa hatua tatu au nne, kwa sababu unaweza kuzilinganisha mbilimbili.

Je, wajua pia kwamba kukosea kidogo hakuumizi? Ukisimama kwenye bar 2.5 badala ya 3, kazi inatoka 222 kwenda 223 na ushee. Kwenye bar 2 ni 228. Kwenye 1.5 ndipo unaona maumivu, 239. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayechagua silinda za ukubwa uliopo sokoni, zikampa uwiano usio sawa sana, hafanyi dhambi.

Je, wajua kanuni ya kugawa sawa huacha kuwa kweli lini? Kipozeo kikishindwa kurudisha hewa kwenye joto la mwanzo. Tuseme mapezi yamejaa vumbi na hewa inaingia hatua ya pili ikiwa na nyuzi 45 badala ya 27. Sasa hatua ya pili inaanza ikiwa na hasara, na inapaswa kupewa mzigo mdogo. Kipimo cha kufuata ni kilekile, joto la mwisho liwe sawa, nacho kinasogeza kituo kutoka bar 3 hadi karibu 3.3. Mimi nasafisha mapezi kwanza, maana silinda hazibadilishwi kwa ajili ya vumbi.

Je, wajua kompresa za kujazia mitungi ya wapiga mbizi, kama zinazotumika Zanzibar na Mafia, hugawa kazi ya kugandamiza mara ngapi? Mitungi yao hubeba bar 200 na zaidi, na kompresa nyingi za kazi hiyo zina hatua tatu au nne. Kwa hesabu nyepesi chukua bar 256, hatua nne. Kila hatua inazidisha mara nne: 1, 4, 16, 64, 256. Kila moja inaishia nyuzi 173. Kwa mkupuo mmoja, hesabu inatoa nyuzi 1,190, na alumini huyeyuka kwenye 660. Hapa kugawa kunapunguza kazi kwa nusu, kutoka kilojuli 1,169 hadi 586.

Hata hivyo, mkupuo huo mmoja usingefika popote. Pistoni haiwezi kugusa kichwa cha silinda. Lazima ibaki nafasi ndogo, tuseme asilimia 5 ya ujazo inaoufagia. Hewa inayobaki humo hutanuka pistoni ikirudi, na vali ya kuvutia haifunguki mpaka hewa hiyo iishe nguvu. Kwa kuzidisha mara tatu, silinda bado inavuta asilimia 94 ya ujazo wake. Kwa mara tisa, 81. Kwa mara 256, hewa iliyobaki inajaza silinda nzima na kompresa inazunguka bila kuvuta hata pumzi.

Je, wajua kipozeo cha kati hukamua maji kutoka hewani? Pwani, kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita ya ujazo ya hewa ina gramu 24 hivi za mvuke. Igandamize hadi bar 3 na uipoze hadi nyuzi 35, karibu nusu ya mvuke huo inageuka maji. Kompresa inayovuta mita za ujazo 10 kwa dakika itatoa zaidi ya lita 6 kwa saa kwenye kipozeo hicho kimoja. Yasipotolewa, yanaingia silinda ya pili, yanaosha oili kwenye ukuta wake na kuvunja vali.

Je, wajua kwamba presha ya kati haina mtu anayeiweka? Inajitafuta yenyewe kutokana na ukubwa wa silinda: ndogo ikiwa na theluthi ya ujazo wa kubwa, hewa lazima ijibane hadi bar 3 ndipo iingie yote. Kwa sababu hiyo geji ya kati ni shahidi mzuri. Katika mfano wetu inapaswa kusoma 2, tangi likiwa kwenye 8. Ikipanda, shuku vali za silinda ndogo, kwamba hewa inarudi kwenye kipozeo. Ikishuka, shuku vali za silinda kubwa, bomba linalovuja au chujio lililoziba. Usiisome tangi likiwa tupu, kwa kuwa wakati huo karibu kazi yote inafanywa na silinda kubwa. Isome mashine ikiwa mpya na tangi limejaa, uandike namba hiyo kwa rangi kando ya geji, ili fundi ajaye asilazimike kufungua vichwa vyote viwili kutafuta vali moja.