Yaliyomo Yenye Nukta na Namba Zilizonyooka

Kila mwaka tasnifu zinapokaribia kujalidiwa, ukurasa wa "Yaliyomo" huwasumbua wengi. Mwandishi huandika kichwa cha sura, hubonyeza nukta mfululizo hadi karibu na ukingo wa karatasi, kisha huweka namba ya ukurasa. Kwenye kioo namba huonekana kama zimepangana, lakini ukichapa, moja imeingia ndani, nyingine imetoka nje.

Sababu ni kwamba katika fonti kama Times New Roman herufi hazina upana sawa: "m" huchukua nafasi kubwa kuliko "i". Kwa hiyo kila kichwa huishia mahali pake, na idadi ya nukta, hata ukiihesabu, haiwezi kuzifikisha namba zote kwenye mstari mmoja. Dawa ni kuiambia programu yenyewe namba ziishie wapi, kisha nukta ijaze yenyewe. Mahali hapo ndipo kituo cha Tab.

Tuchukue tasnifu ya karatasi ya A4, yenye upana wa sentimita 21. Tuseme pambizo ya kushoto ni sentimita 4, kwa ajili ya kujalidi, na ya kulia ni 2.5. Toa zote mbili katika 21, zinabaki 14.5. Huo ndio upana wa maandishi, na ndipo namba zitakapoishia.

Sasa fungua Word. Andika mistari yote, na kati ya kichwa na namba bonyeza kitufe cha Tab mara moja tu. Usiweke nukta. Kisha chagua mistari yote. Katika Home, kwenye kundi la Paragraph, bofya kishale kidogo cha pembeni chini. Dirisha likifunguka, bofya Tabs... chini kushoto. Kwenye Tab stop position andika 14.5 cm. Kwenye Alignment chagua Right, na kwenye Leader chagua namba 2, yenye nukta. Bofya Set, halafu OK. Nukta zitajipanga, na 7, 12 na 104 zitaishia mahali pamoja, kwa sababu Right ina maana kwamba maandishi husogea kushoto kutoka kituoni. Hata namba za kirumi za shukrani na utangulizi zitatii.

Vichwa vidogo, kama 1.1 na 1.2, huhitaji kuingia ndani kidogo. Hapa wengi hubonyeza Tab mwanzoni mwa mstari, na kichwa hurushwa mpaka kulia kikitanguliwa na nukta. Badala yake, chagua mistari hiyo, rudi Paragraph, na kwenye Indentation weka Left: 1 cm. Namba hazitahama, kwa kuwa Word hupima kituo kuanzia kwenye pambizo, si pale mstari ulipoanzia.

Kichwa kirefu nacho kina tabu yake: maneno husogea hadi kwenye safu ya namba kabla ya kushuka mstari wa pili. Kwa mistari yote weka Right: 1.5 cm. Maneno yatashuka mapema, ilhali namba itabaki kwenye 14.5, nje ya mpaka huo.

Ukiona mstari mmoja umekataa, bonyeza Ctrl+Shift+8. Kila Tab itaonekana kama mshale. Mstari mzima unapaswa kuwa hivi:

```
Sura ya Kwanza: Dhana ya Nafsi→12
```

Mishale miwili ina maana Tab ilibonyezwa mara mbili, na namba imesukumwa kupita kituo, futa mmoja. Nukta zilizoandikwa kwa mkono utazijua kwa sababu unaweza kuchagua moja moja. Zile za Leader huchaguliwa zote kwa pamoja, kama mshale mmoja.

Kwa kijitabu cha nyimbo cha parokia, hesabu ni ileile. A5 ina upana wa sentimita 14.8, pambizo zikiwa 2 kila upande, kituo ni 10.8. Ukibadilisha karatasi au pambizo baadaye, kituo hakihami chenyewe: kifute kwa Clear na uweke kipya.

Njia hii ina mpaka wake. Namba ulizoandika kwa mkono hazijui kwamba umeongeza aya mbili katika sura ya pili. Inafaa kwa kijitabu kifupi, au kazi iliyounganishwa kutoka mafaili kadhaa. Kwa hiyo iandike mwisho, baada ya masahihisho yote ya msimamizi. Kisha hifadhi kama PDF, fungua kila ukurasa uliotajwa, na ulinganishe namba na ile iliyochapwa chini ya ukurasa wenyewe. Fanya hivyo kabla ya kupeleka kazi kwa mjalidi, kwa sababu baada ya hapo kosa la namba moja ni gharama ya kujalidi upya.